Galoni moja itakutosha, na itabaki: uzoefu wangu na muuza rangi

Rangi yenyewe sina ugomvi nayo, niseme mapema. Imeshika vizuri, haichuji ukiipangusa na kitambaa chenye maji, na harufu iliisha upesi. Ningeipa nyota nne bila kusita. Lakini rangi hainunuliwi peke yake. Unanunua na kauli ya mtu anayekuambia inakutosha kiasi gani, na hapo ndipo damu inanichemka hadi leo.

Ilikuwa wiki kadhaa zilizopita, sikumbuki siku. Nilikwenda na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi. Chumba kina urefu wa mita 4, upana mita 3.5, na kuta zina kimo cha mita 2.8. Mlango mmoja wa 0.9 kwa 2.1, madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2. Dari halihusiki. Nikamwambia na hali ya ukuta pia: plasta mpya, imepigwa praima mkono mmoja tu.

Muuzaji akachukua kikokotoo kwa mbwembwe. Mzunguko wa chumba mita 15, mara 2.8, akapata mita za mraba 42. Akatoa mlango, 1.89. Akatoa madirisha, 3.6. Akabaki na 36.51, akanionyesha hizo desimali kama fundi saa. Kisha akagawa kwa 12, kwa sababu kopo linasema lita moja inafunika hadi mita za mraba 12, akapata lita 3 na kidogo. “Galoni moja ya lita 4, dada yangu. Itakutosha na itabaki.”

Hesabu ya kutoa mlango na madirisha haina kasoro, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Yale matundu yote matatu kwa pamoja, kwa hiyo 12 yake, yanaokoa chini ya nusu lita kwa kila mkono wa rangi. Hapo alikuwa makini kupindukia. Ila kwamba rangi hupigwa mikono miwili, jambo linaloongeza hesabu nzima maradufu, hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Alipaswa kuchukua 36.51 mara 2, yaani mita za mraba 73 na ushee, ndipo agawe. Hata kwa hiyo 12 yake ingekuwa lita 6.

Na hiyo 12 nayo ni ya kuogopa. Kopo limeandika “hadi”. Maana yake ukuta laini, uliokwisha kuzibwa vinyweleo, na mkono mwepesi. Plasta mpya yenye chembechembe na praima moja nyembamba hunywa rangi. Fundi wangu alipopiga mkono wa kwanza, galoni nzima iliishia katikati ya ukuta wa mwisho, kukabaki kipande cha kama mita za mraba 4 na nusu. Piga hesabu: lita 4 zimefunika mita 32. Hiyo ni mita za mraba 8 kwa lita, theluthi nzima chini ya alichoahidiwa mteja.

Nikarudi dukani. Sikwenda kwa shari, nilikwenda kununua galoni ya pili na kuuliza tu imekuwaje. Yule bwana hakuangalia hata karatasi yangu. Akacheka, akawageukia wateja wengine, akasema: “Huyu fundi wake anakunywa rangi?” Watu wakacheka. Kisha akaniambia nikiona haitoshi, niongeze maji.

Niongeze maji! Maji kidogo kwenye mkono wa kwanza, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, sawa, hakuna fundi asiyelijua hilo. Lakini kunyoosha rangi kwa maji ili ifike mbali ni kujidanganya. Kilichobaki ukutani maji yakikauka ni kilekile kidogo kimetandazwa kwenye eneo kubwa. Ukuta ulio chini ya rangi unaonekana, na unaishia kupiga mkono wa tatu.

Basi, galoni ya pili ikamalizia ule mkono wa kwanza, zikabaki karibu lita 3 na nusu za mkono wa pili. Mkono wa pili ukuta haunywi sana, kwa hiyo lita moja ilifika kama mita za mraba 10. Ila zidisha mwenyewe: haifiki 36. Rangi ikakata tena, safari hii kikabaki kipande cha mita 2 hivi kando ya dirisha. Mita mbili!

Nikanunua kopo la lita moja. Rangi ni ya kuchanganywa na mashine, namba ileile, jina lilelile. Ilipokauka, jua la jioni lilipopiga ubavuni, kiraka kikajitokeza wazi, kimekoza kuliko ukuta. Kila mchanganyo hutofautiana kidogo hata kama namba ni moja, na kosa la kununua kidogokidogo ndilo hili. Ukiwa na kiasi kamili tangu mwanzo, unamimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, unakoroga, unapiga chumba kizima na rangi moja. Mimi nilinyimwa nafasi hiyo na mtu aliyenikadiria nusu ya mahitaji.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Alisema, “Bosi, kiraka hakifichwi kwa kiraka. Tunapiga ukuta huu wote, kona hadi kona.” Ukuta ule ni 3.5 kwa 2.8, ukitoa dirisha unabaki mita za mraba 8, na kwenye kopo zilikuwa zimebaki kama nane ya kumi za lita. Ikatosha kwa kukwangua. Tofauti sasa imeangukia kwenye kona, ambako mwanga hata hivyo huangaza kuta mbili tofauti, na jicho halioni kitu.

Jumla lita 9. Lita 4 zitatosha na zitabaki, eti.

Anayekwenda kununua, asikubali kugawa kwa namba ya kwenye kopo. Fundi wangu sasa anafanya hivi: analowesha rola kwanza kwa rangi, maana rola kavu hujinyonyea yake, kisha anapima nusu lita, anaipiga, halafu anapima eneo lililofunikwa na kulizidisha mara mbili. Hiyo ndiyo namba ya ukuta wako. Kwetu ilikuwa 8 mkono wa kwanza na 10 wa pili. Gawa 36.51 kwa kila moja, jumlisha, unapata lita 8.2. Galoni mbili na kopo moja, zinunuliwe siku moja.

Nimeandika nyota tatu, kwa sababu kijana wa kwenye mashine ya kuchanganya alikuwa muungwana. Alinipimia sampuli na kunikaushia kwenye kadibodi bila kuombwa, na kazi yake haikuwa mbaya. Pengine nilikuwa nakwenda hata kwenye nne, kwa kuwa chumba kimependeza, kila anayeingia anasifu.

Lakini nikikumbuka kile kicheko mbele za watu. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.