Hereni za "dhahabu" zilivyomla mwanangu masikio, Mtwara mjini

"Mama, damu ya mwanao ndiyo mbaya. Hereni zangu hazina neno." Hayo ndiyo majibu niliyopewa mbele ya wateja, kwenye duka moja la vipodozi karibu na soko hapa Mtwara, binti yangu wa miaka minane amesimama pembeni masikio yanamchuruzika. Naandika bado nina hasira, na atakayeona nimezidisha anisamehe.

Tulikwenda msimu wa korosho ulipoanza, fedha za mnada zilikuwa zimeingia na mtoto alikuwa ananisumbua muda mrefu kwamba wenzake wote wametoga. Dada wa dukani alinitolea kadi imejaa hereni ndogo za kung'aa. Nikamuuliza, "Hizi hazichuji?" Akasema hazichuji, dhahabu safi. Hapo ndipo nilipokosea swali. Nilitakiwa kuuliza chini ya hiyo dhahabu kuna nini. Akachukua bastola ya kutogea, akapiga kulia, akapiga kushoto, kisha akasukuma vishikio vya nyuma mpaka ndewe zikabonyea kama zimebanwa na kibanio cha nguo. Akatuagiza tupake spiriti asubuhi na jioni, na tuzizungushe hereni ili zisigande.

Wiki ya kwanza ilikuwa njema kabisa, hata nilimsifia yule dada kwa jirani. Wiki ya pili mtoto akaanza kujikuna. Hakulia maumivu, alijikuna tu, usiku zaidi. Asubuhi moja nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga: kila ndewe ilikuwa na duara jekundu lenye vipele vidogo vya maji, upana wake sawasawa na kitako cha hereni, masikio yote mawili yakifanana kama mtu kapiga mhuri. Nikaongeza spiriti. Ikawa mbaya zaidi. Ndipo nikarudi dukani nikaambiwa habari za damu mbaya, na kwamba yeye kila siku anatoga watoto wala hajasikia mtu akilalamika.

Muuguzi wa zahanati tuliyokwenda alimtazama mtoto, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Mama, suruali ya jinzi anavaa? Hebu nione tumbo." Chini ya kitovu, pale kifungo cha chuma kinapogusa, palikuwa na kiraka kilekile cha vipele. Akaniambia ni nikeli, madini yanayotiwa kwenye hereni na vifungo vya bei rahisi. Akanieleza taratibu kwamba kidonda kilichoingiliwa na vijidudu kwa kawaida huanza sikio moja, huuma na kupwita, huwa cha moto ukigusa, hutoa usaha mzito wa njano au kijani, na mtoto anaweza kupata homa. Ngozi inayokataa madini huwasha kuliko kuuma, hutoa majimaji mepesi, na mara nyingi hutokea popote madini yale yanapogusa mwili. Ule ukoko mdogo mweupe unaokauka pembeni ya tundu, hata kwa mtu mzima asiye na tatizo, ni kawaida ya kidonda kupona. Wa kwangu alikuwa na yote mawili: nikeli masikio yote, na la kushoto, kwa kulikuna na kubanwa, lilikuwa limeshaanza kutunga usaha. Kishikio kilikuwa kimezama nyamani. Muuguzi alikitoa kwa kibanio polepole, mtoto ameniuma kidole, na mimi nikalia kuliko yeye.

Hereni akaifuta kwa pamba nyeupe akanionyesha. Kijiti, pale kinapokutana na kitako, rangi ya dhahabu ilikuwa imeisha. Chini yake palikuwa na kijivu cheupe, na mahali pamoja palipolika zaidi palibaki alama ya kijani kwenye pamba. Hiyo kijani ni shaba iliyo ndani, kile cheupe ni nikeli, na dhahabu yenyewe ni utando uliochovywa juu, mwembamba kiasi kwamba jasho la hapa kwetu pwani na spiriti ya kusugua kila siku vinaumaliza upesi. Jasho lina chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoitoa nikeli kuiingiza kwenye tundu bichi.

Kinachoniuma ni hiki: mzio wa nikeli hauzaliwi nao. Mwili hujifunza kuikataa, na kidonda kibichi chenye nikeli ndani ni njia rahisi ya kujifunza. Ukishajifunza hausahau. Kabla ya hereni zile kifungo cha jinzi hakikuwahi kumfanya chochote. Sasa kifungo, bizimu ya mkanda, saa ya bei rahisi, vyote atavichunga maisha yake yote.

Niwe mkweli, mkono wa yule dada ni mwepesi. Matundu yalikaa sawa kabisa, hakuna lililopanda juu, na mtoto hakulia. Nilishataka kuandika kwamba nendeni akawatoge ila mpeleke hereni zenu. Lakini nikikumbuka alivyobana vishikio vile, na ile bastola niliyomwona akiifuta kwa kitambaa tu kati ya mteja na mteja, hapana. Nimelifuta hilo. Msiende.

Tuliacha matundu yazibe, na baada ya miezi kadhaa tukaanza upya. Titani ile ya vipandikizi vya mwilini, yenye alama ya kiwango cha ASTM F136, ingekuwa bora na nyepesi, lakini hapa sikuipata. Nikaenda kwa sonara, mzee mtaratibu, nikamuuliza anachanganya nini kwenye dhahabu. Akasema ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, zinazobaki kwake ni fedha na shaba. "Ukitaka dhahabu nyeupe kwa tundu jipya, mama, sikufanyii," akaniambia, kwa sababu dhahabu nyeupe nyingine hutiwa nikeli. Fedha tupu nayo alinikataza, huchakaa ikawa nyeusi ndani ya kidonda. Nilimwomba kijiti kirefu kidogo, ili kati ya ndewe na kishikio ibaki nafasi ya milimita mbili tatu, kwa kuwa sikio huvimba siku za mwanzo. Bei ilinitoa jasho. Gramu moja kwa zote mbili, na sijuti.

Muuguzi alizipitisha hereni kwenye chungu chao cha mvuke, akamtoga kwa sindano mpya. Spiriti akaipiga marufuku, na kuzungusha pia, kwa sababu kila ukizungusha unachana ngozi changa inayojijenga ndani ya tundu. Tulichofanya ni kunawa mikono, kisha maji ya chumvi mara mbili kwa siku: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa, tukitengeneza mapya kila siku. Chumvi ikizidi inachoma na kukausha, kwa hiyo tulipima. Kisha tunakausha kwa kipande cha tishu. Usiku mto nilikuwa naufunika kanga iliyofuliwa, mtandio tukaufunga usinase kishikio, mafuta ya nywele tukayaweka mbali na masikio, na baharini hakwenda, ingawa alilia wenzake walipokwenda kuogelea.

Wiki nane zimepita, nikagusa ndewe zote mbili: laini, baridi, kavu. Kifungo cha jinzi nimekishonea kitambaa kwa ndani. Na kadi ile ya hereni, nilipopita juzi, bado imening'inia palepale dukani, na mtoto mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti. Nilimwita mama yake pembeni.