Vipimo vilivyoandikwa au rula: usome kipi kwenye ramani kabla ya kuagiza marumaru?

Chukua chumba kilichochorwa kwa skeli ya 1:100, kikiwa kimeandikwa 4200 kwa 3600. Namba hizo ni milimita, yaani mita 4.2 kwa 3.6, na eneo ni mita za mraba 15.12. Rula ikiwekwa juu ya ukuta mrefu inapaswa kusoma milimita 42.

Kwa uhakika, namba zinashinda. Ramani ya A3 ikichapwa kwenye A4, ukuta uleule unasoma takriban milimita 30, lakini maandishi ya 1:100 yanabaki palepale. Ukiamini rula utapata eneo la karibu 7.6, nusu ya marumaru unazohitaji. Hata bila kupunguzwa, kukosea milimita moja kwa jicho ni sentimita 10 sakafuni.

Namba nazo zina kasoro yake: mara nyingi hupima ukuta mtupu, kabla ya lipu, au katikati ya ukuta hadi katikati ya mwingine. Angalia vistari vya kipimo vinaishia wapi.

Rula inashinda pale ambapo mchoraji hakuandika kitu, kama korido au kona ya kabati. Itumie baada ya kuijaribu kwenye ukuta wenye namba.

Unatafuta makadirio ya bajeti? Rula iliyohakikiwa inatosha. Unalipia mzigo na kuta zimeshasimama? Chukua futi kamba, ukapime chumba chenyewe.