Saa 24 za mpokeaji mpya, na milioni 50 ambazo sikuziomba

Naandika kuhusu programu ya simu ya benki yangu nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka maneno ya kistaarabu asubiri kidogo, kama mimi nilivyosubirishwa.

Nakoboa mpunga Ifakara. Msimu ukiwa umepamba moto, magunia yamepangwa mpaka barazani, mashine yangu ikakata shafti. Fundi akaangalia, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama, hii tafuta nyingine." Nikampigia Mangi wa Gerezani, Dar, ambaye nimeshanunua vipuri kwake miaka mingi. Alikuwa nayo moja, shilingi 14,500,000, na kuna mtu wa Mbarali ameshaiulizia. Akanitumia profoma yenye akaunti ya kampuni yake na kuniahidi kunishikia mpaka Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni, tawi limeshafungwa. Nikajiambia benki ninayo mkononi, wasiwasi wa nini.

Nikafungua programu ya benki kwenye simu, nikaenda sehemu ya wapokeaji, nikachagua benki yake na kuandika namba ya akaunti. Likatokea jina la mwenye akaunti, nami nikalilinganisha na profoma herufi kwa herufi. Lilikuwa lenyewe. Hapo naisifu benki, tena kwa dhati, kwa sababu jina likitoka tofauti ndiyo kengele ya kwanza na mara nyingi ya mwisho. Nikampa mpokeaji jina la kumkumbukia, ikaja OTP kwa meseji, nikaiingiza. Kisha yakaja maandishi kwamba kwa saa 24 za mwanzo mpokeaji mpya hawezi kutumiwa zaidi ya shilingi 500,000. Nikatuma 100,000 za kujaribia, na Mangi akathibitisha zimeingia. Nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi mchana, nikiwa nazungukazunguka kwenye simu kama mtu anayeangalia chungu kabla hakijachemka, nikaona nimeandika "Mashne" badala ya "Mashine". Nikarekebisha. Ikaomba OTP, nikaipa. Herufi moja tu, jamani.

Saa moja usiku, saa 24 zangu zimetimia, nikatuma milioni 5. "Muamala umeshindikana." Nikarudia. "Muamala umeshindikana." Mara ya tatu nikaenda kusimama chini ya mwembe ambako mtandao unashika vizuri. Hivyohivyo. Hakuna sababu, hakuna muda uliobaki, hakuna chochote cha kunisaidia kujua kama tatizo ni mimi, mtandao, benki ya Mangi au shetani.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea kijana mwenye sauti ya kuchoka. Akaangalia, akasema, "Mama, wewe umemhariri mpokeaji. Ukihariri anahesabiwa mpya, saa zinaanza upya." Nikamwambia namba ya akaunti ni ileile, benki ni ileile, nimebadilisha jina ambalo naliona mimi peke yangu. Akasema mfumo hautofautishi. Nikamuuliza kwa nini basi mfumo haukuniambia kabla sijabonyeza. Akanijibu, na haya maneno sitayasahau: "Mama, yapo kwenye vigezo na masharti."

Sikiliza, mimi sipingi kusubiri. Nilianza na kupinga, ila usiku ule sikulala na nikapata muda wa kufikiri. Mwizi akiipata akaunti yako, iwe kwa kurudisha laini yako kwenye simu yake au kwa kukudanganya umtajie OTP, hatumi hela kwa mwenye nyumba wako wala kwa ada ya shule. Anaingiza akaunti mpya, anahamisha, na zinatolewa kwa wakala kabla hujamaliza chai. Ukimwekea saa 24 na kikomo cha laki tano, umemnyang'anya kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani haraka. Wewe unapata nafasi ya kuona meseji kwamba ameongezwa mtu usiyemjua, ukapiga simu, akaunti ikazuiwa. Lakini nafasi hiyo ipo iwapo taarifa inakufikia. Laini ikiwa mkononi kwa mwizi, meseji anaisoma yeye. Kwa hiyo taarifa ingetakiwa iende pia kwenye barua pepe, au itokee kwenye simu iliyosajiliwa na programu. Ya kwangu ilikuja kwa meseji tu. Singapore, baada ya wizi mkubwa wa aina hii, mamlaka yao ya fedha iliagiza mabenki mwaka 2022 kwamba ukibadilisha namba ya simu au barua pepe, taarifa iende kwenye ile ya zamani. Jambo dogo, lakini limefikiriwa na mtu mwenye akili.

Tena kusubiri kusikoelezwa kunamsukuma mtu kwenye shimo lenyewe. Jumapili asubuhi Mangi akanipigia: "Mama, kama kule kunasumbua, nipe nikutumie akaunti ya mdogo wangu, yuko benki hiyohiyo yako, inaingia papo hapo." Mangi ni mtu mwema, alitaka kunisaidia. Lakini nyinyi wenyewe mnajua meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inavyofanana na hayo maneno. Na mimi, mtu mzima na wajukuu, nilishashika kalamu kuandika namba. Kilichoniokoa si busara. Nilikumbuka tu kwamba mdogo wake naye angekuwa mpokeaji mpya, saa 24 nyingine. Kama Jumamosi usiku skrini ingeandika "umebakiza saa 19, kesho saa nane mchana utaweza", kalamu nisingeishika.

Jumapili alasiri milioni 5 zikaenda. Nikapiga kigelegele peke yangu. Nikatuma milioni 5 nyingine, zikakataa: nimefikia kikomo cha siku. Hapa kosa langu nalikubali nusu. Kikomo cha mpokeaji mpya na kikomo cha siku ni vitu viwili, kimoja kikiisha kingine bado kipo, na mimi nilivichanganya. Zilibaki 9,400,000, yaani Jumatatu na Jumanne, na mtu wa Mbarali hasubiri Jumanne.

Nikapiga tena kuomba kikomo kipandishwe. Nilijiandaa kwa vita. Akapokea binti mchangamfu, akaniuliza namba ya akaunti, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yangu. Basi. "Tayari, mama, nimekupandishia mpaka milioni 50 kwa siku. Kuna lingine nikusaidie?"

Dakika mbili.

Kwanza nikafurahi, nikambariki. Kisha nikakaa kwenye gunia na mwili ukaanza kusisimka. Herufi moja kwenye jina la utani imenigharimu karibu siku nzima. Kuufungua mlango wa milioni 50 kumehitaji jina la marehemu mama yangu, ambalo kila mtu aliyekuja msibani analijua, na tarehe iliyo kwenye kadi yangu ya NIDA, ambayo nimeshaitoa kivuli kwa watu wangapi sijui. Hawakunipigia wao kwenye namba yangu kuhakikisha ni mimi. Hawakuniomba nithibitishe kwa namba ya siri ndani ya programu. Hata meseji ya "kikomo chako kimebadilishwa" haikuja. Mwizi mwenye subira anapiga simu hiyo kwanza, anaongeza mpokeaji, anasubiri saa zake 24 kwa adabu, halafu anakomba.

Na mimi niliomba nini? Nilihitaji milioni 9.4, kwa akaunti moja, kwa siku moja. Nikapewa 50, kwa kila upande, daima. Kikomo kile hakimhusu Mangi pekee. Kinafungua na kutuma kwenye simu, na lipa namba, na kila kitu kilichomo mle. Ombi kama langu lilitakiwa lifunguliwe kwa mpokeaji yule tu, baada ya kuthibitishwa kwenye simu iliyosajiliwa, kisha lijifunge lenyewe usiku. Wala haihitaji uchawi, kompyuta zinajua tarehe.

Jumatatu asubuhi nikatuma, zikafika. Mchana Mangi akanitumia picha ya mashine juu ya lori. Ningeweza kuishia hapo nikatoa nyota nne na kusahau. Lakini nikapiga kuomba kikomo kirudishwe milioni 5. Kijana mwingine, mpole sana, akaniambia: "Mama, kupunguza inabidi ufike tawini na barua yenye saini."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kupandisha ni simu, kushusha ni barua! Kila mahali duniani mlango wa kutokea unafunguka upesi kuliko wa kuingilia. Kupunguza hakumdhuru mtu. Hata mwizi akipunguza, amekusaidia. Hicho ndicho kilitakiwa kiwe kitufe kimoja, papo hapo, na kupandisha ndiko kusubiri. Wao wamevaa shati mgongo mbele na wamefunga vifungo vyote.

Nilikwenda tawini. Dada wa kaunta, nisimseme vibaya, alikuwa na aibu kuliko mimi. Akaniambia hela kubwa ningeweza kuilipia pale kwa TISS, mfumo wa kuhamisha hela kutoka benki moja kwenda nyingine: unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, unasaini, na ikiingizwa ndani ya saa za kazi inafika siku hiyohiyo bila kugusa kikomo cha simu. Kweli kabisa, na siku nyingine nitafanya hivyo kama si Ijumaa jioni. Pia alinishauri jambo ambalo lilifaa liandikwe kwenye bango la mlangoni: kuwa na akaunti ya akiba isiyounganishwa na simu, hela nene ikae kule, na kwenye ile ya simu uweke ya matumizi tu. Mwizi akiingia, kikomo kiwe milioni 50 au 500, atakuta laki mbili. Nimeifungua siku ileile.

Nyota? Nilipoanza kuandika ilikuwa moja. Nilipofika kwenye jina la mwenye akaunti kutokea nikaweka tatu, na zile saa 24 zenyewe nazitetea mpaka kesho, mradi waonyeshe saa na wasiniadhibu kwa herufi. Ila barua yangu ya kupunguza kikomo imepita wiki kadhaa sasa, "iko kwa meneja". Leo asubuhi nimeangalia kwenye programu, bado imeandikwa 50,000,000. Nimezirudisha kuwa moja.