Ajenti wa mzigo Mombasa: "karatasi hazijakamilika" ndiyo jibu gani?

Nampa nyota mbili, na hizo ni kwa sababu ya karani wake. Yeye mwenyewe, ukimuuliza mbona kontena haitoki Kilindini, jibu lake ni moja: "Bosi, KRA wameshika mzigo, karatasi hazijakamilika." Karatasi gani? "Hizo za kawaida." Sauti yenyewe ya kukuchosha, kana kwamba umekwenda kumwomba nauli.

Mwenye mzigo asikubali jibu hilo. Swali la kwanza ni hili: nambari ya entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ni ngapi? Ajenti akishapeleka entri kwenye mfumo wa forodha, iCMS, ikapokewa, hupata nambari. Akikosa nambari, basi hao KRA hawajashika kitu, maana hawajaletewa kitu cha kushika. Akiwa nayo, aseme imekwama wapi: inasubiri ushuru kulipwa, iko kwa afisa anayeuliza bei, au inangoja ukaguzi. Kila kituo kina karatasi yake. Huyu wangu nambari hakuwa nayo, na bado alikuwa akinitajia afisa wa forodha kama adui yake wa siku nyingi.

Ukweli aliutoa karani, kijana mpole, aliyenionyesha kwenye skrini. Mzigo ni mabomba ya bafuni, kontena ya futi 20. Hati ya shehena na manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, zinasema katoni 640. Ankara, orodha ya ufungashaji na cheti cha ulinganifu cha KEBS vinasema 604. Tarakimu mbili zimepishana, na entri inakataliwa kwa sababu idadi yake hailingani na manifesti. Hakuna karatasi iliyopotea hapo. Zote zipo, ila hazisemi neno moja.

Hapo bosi wake akaja na shauri: "Tubadilishe ankara iwe 640, yaishe." Ndipo damu iliponichemka. Ukiandika 640 na ndani mna 604, wakifungua watauliza katoni 36 zimekwenda wapi. Na kuiacha 604 bila kuhakikisha ni hatari vilevile: ikiwa kweli ndani mna 640, hizo 36 zinahesabika kuwa hazikutajwa, na hilo ni kosa la forodha. Kwanza ijulikane kilichopakiwa, na anayejua ni muuzaji, kwa hesabu ya siku kontena ilipojazwa na kupigwa sili.

Muuzaji akathibitisha 604. Karatasi zilizokuwa zikitakiwa, kwa hiyo, ni barua yake inayoeleza kosa, hesabu ile ya upakiaji, na maagizo ya wakala wa meli kule bandari ya kupakia kwenda kwa ofisi yao ya Mombasa. Kurekebisha manifesti ni kazi ya wakala wa meli. Yeye ndiye anayeomba kwenye mfumo wa forodha, forodha wanaidhinisha, kisha entri inapelekwa upya. Ada ya marekebisho ipo, na risiti itoke kwa wakala wa meli, si kwenye kijikaratasi cha ajenti.

Sasa nikiri, karani aliandika maombi yale vizuri sana, kila nambari mahali pake, na entri ikapita. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Kisha ikaja bili ya stoleji, ada ya mzigo kukaa bandarini.

Kontena ya mzigo wa humu nchini ina siku 4 za bure bandarini. Baada ya hapo mamlaka ya bandari, KPA, wanahesabu stoleji kila siku, na mwenye meli naye, siku zake za bure zikiisha, anahesabu dimareji, ada ya kukaa na kontena lake. Hizo ni bili mbili tofauti, za watu wawili tofauti. Ajenti akikuletea jumla moja, mwambie azitenganishe. Kuna na siku 21 za sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, tangu meli ianze kupakua: zikipita bila entri, mzigo unaweza kuhamishwa ghala la forodha. Siku zote hizo zilikuwa zikienda naye akiniambia "kesho, inshallah".

Na tofauti ile ingeweza kuonekana kabla meli haijatia nanga! Nakala za hati alikuwa nazo mapema. Kuzilaza mezani, kulinganisha katoni, uzito, jina la mpokeaji na PIN, ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

Basi nyota mbili, zote za karani. Amana ya kontena wakala wa meli huirudisha kontena tupu likishapokewa yadi, na tupu limesharudi Changamwe. Nimemwomba ajenti hati ya kupokelewa kwake. Amenijibu karatasi hazijakamilika.