Watu wawili, konsaltansi moja Kisumu: jina la biashara ama limitedi?

Hii swali inaulizwa mara nyingi. Kwanza ujue biashara ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja, mkiwa wawili na mnagawana faida sheria inawaona kama ubia hata kama jina la biashara limesajiliwa na mmoja tu, so mwenzako akisaini deni huko Kondele wewe pia unaweza kudaiwa, mpaka ploti yako ya Nyalenda. Limitedi inatenga deni la kampuni na mali yako. Lakini benki ikikuuliza gerentii ya dairekta na usaini, hiyo kinga kwa huo mkopo imeisha.

Kodi sasa. Tuseme faida ni 1,000,000 kwa mwaka. Ubia, kila mtu anabeba 500,000, na baada ya rilifu analipa kama 58,600, jumla 117,200. Limitedi inakatwa 30%, yaani 300,000, halafu mkigawana ile 700,000 inakatwa 5% tena, 35,000. Tofauti kubwa, ingawa mkijilipa mishahara kutoka kwa kampuni inapungua sana.

Karatasi, limitedi inasumbua: ritani ya kila mwaka kwa msajili, vitabu, ritani ya kodi ya kampuni kando na zenu.

Kama kazi ni ndogo na mnaaminiana, ubia na makubaliano yaliyoandikwa. Kama klaienti ni kaunti ama NGO na kontrakti inaweza kuwaletea kesi, mimi ningeenda limitedi.