Chokoleti imepauka, na muuzaji kaisugua kwa kidole: uzoefu wangu Moshi

Kidole gumba cha muuzaji hakina kazi yoyote juu ya chokoleti niliyoilipia mimi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ningeweza kuyameza, hata ule weupe wenyewe.

Duka liko Moshi mjini, linauza vifaa na malighafi za keki. Jina sitalitaja, maana mwenye duka tunasali naye kanisa moja na bado nataka kusalimiana na watu Jumapili. Ilikuwa ule msimu wa joto kali kabla masika hayajashuka. Nilikuwa na keki ya sendofu ya kupeleka Machame, na wenzangu wa huku mnajua jinsi ilivyo: ndafu akiingia ukumbini na majani yake mdomoni, hakuna tena anayeangalia keki ya unga. Kwa hiyo keki ya unga lazima ing'ae. Bibi harusi alitaka majani ya chokoleti nyeusi, membamba, yenye kioo. Kioo ndicho alichokuwa ananilipia.

Nimezoea kufungua bidhaa palepale kaunta. Nikafungua bapa la kwanza: limepauka kama miguu isiyopakwa mafuta mwezi wa saba. Mabaka ya kijivu, na mistari myeupe kuelekea kona moja. Nikafungua la pili, vilevile.

"Kaka, hii imepauka."

"Hiyo ni baridi ya friji tu, dada."

"Mbona hadi katikati? Una katoni nyingine?"

Hakujibu. Alinyakua bapa mkononi mwangu, akalisugua kwa kidole gumba, kidole kilekile alichokuwa anahesabia noti, akalinyanyua juu ili foleni nzima ione. "Si unaona, imetoka? Chokoleti za maana ndivyo zilivyo. Labda wewe umezoea za mia mbili." Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu alicheka zaidi ya wote, na wala hakuwa ananunua chokoleti.

Sasa, linaloniudhi hadi leo ni kwamba kidole kile kilisema kweli. Weupe unaoyeyuka ukisuguliwa kwa kidole, ukaacha chokoleti nyeusi na yenye mafuta chini yake, ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu. Hayana sumu. Si kuvu. Kuvu ana manyoya, mara nyingi ana rangi ya kijani au buluu, ananuka uvundo, na kwenye bapa kavu la chokoleti isiyo na kitu ndani hapati maji ya kutosha kuota. Ukila chokoleti iliyopauka hivyo utaona inavunjika kama chaki badala ya kukatika kwa mlio, na mdomoni inachelewa kulainika, lakini tumbo halitakusumbua. Hapo kijana alishinda.

Ila kidole hichohicho kilimfunga. Mafuta ya kakao yana tabia ya kuganda kwa maumbo mbalimbali, na moja tu kati ya hayo ndilo linalotoa kioo na mlio. Kiwandani chokoleti hupashwa, ikapozwa, ikapashwa tena kidogo ili mafuta yote yagande kwa umbo hilo. Umbo hilo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Sasa chukua bapa, liache lipate joto mchana, lilainike nusu, halafu ligande lenyewe usiku bila mtu kulisimamia. Mafuta yaliyolegea hupenya hadi juu na kuganda ovyo, na hayo ndiyo mabaka unayoyaona. Kwa hiyo baridi ya friji haikufanya vile. Joto ndilo lililofanya, tena joto la kwenda na kurudi.

Na friji lao nimeliona. Limesimama kando ya mlango wa kioo unaopokea jua lote la jioni. Binti anayefunga mizigo alininong'oneza nilipokuwa natoka kwamba usiku huwa wanalizima ili Luku isikimbie. Hapo nikasema basi, mchawi kapatikana. Lakini nikiwa mkweli, mzigo unatoka Dar kwenye buti la basi, unapita Korogwe na Same mchana kweupe, na buti la basi pale Same si mahali pa kuweka chokoleti. Inawezekana ilifika tayari imepauka. Siwezi kuwabebesha yote. Ninachoweza kuwabebesha ni kwamba walijua na wakaiuza kwa bei ileile.

Baada ya kelele alinibadilishia baadhi. Alichimba chini kabisa ya friji, akatoa mabapa mengine, akayasukuma kaunta bila hata kunitazama. Hayo nayo yalikuwa meupe, ila weupe wa aina nyingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba duka hili halina shida moja bali mbili.

Nyumbani niliweka aina zote mbili mezani. Zile za kwanza (nililazimika kubaki hata na hilo lenye alama ya kidole, kwa sababu "limeshafunguliwa") zilikuwa laini ukizigusa. Zile za chini ya friji zilikuwa zinakwaruza, kavu, na ukisugua kwa kidole weupe unabaki palepale. Nikadondosha tone la maji juu ya kila moja. Kwenye ile ya kwanza tone lilisimama kama lilivyo, halikutaka kushikana na mafuta. Kwenye ile ya friji tone lilitambaa, na lilipopita weupe ulitoweka. Hiyo ni sukari. Chokoleti ikitolewa kwenye baridi ikakutana na hewa yenye unyevu, inatoka jasho. Jasho linayeyusha sukari ya juu, maji yakikauka sukari inabaki punje punje. Friji linalofunguliwa kila dakika na soda zimo humohumo, karatasi za mabapa nazo zimelegea, litafanya kazi hiyo vizuri sana. Mtu wa kulaumu kwa hili simtafuti mbali, Same haihusiki.

Hii nayo haina madhara kwa mlaji. Kwa mpika keki tofauti ni kubwa, na hapa ndipo pesa yangu ilipopotea. Zile zenye mafuta juu niliziokoa zote: nikaziyeyusha taratibu juu ya mvuke hadi nyuzi 45, nikaacha robo ya chokoleti nzuri niliyokuwa nayo kabatini ikatwe ndogo ndogo na kuingia humo ikishusha joto hadi 28, kisha nikapandisha tena hadi 31 nikaanza kupaka majani. Kabla ya kupaka nilichovya ncha ya kisu. Iliganda ndani ya dakika chache, ikang'aa, haikunata kidoleni. Kama ingebaki imefifia au kunata ningerudia upya. Majani yakatoka na kioo chake, na huwezi kujua yaliwahi kupauka.

Zile zenye sukari juu hazikubali. Niliziyeyusha, zikawa nzito, na punje ziko ulimini hata baada ya kukoroga mpaka mkono ukauma. Joto haliyeyushi sukari hiyo, maji ndiyo yanayoyeyusha, na maji ukiyatia kidogo kwenye chokoleti inaganda bonge. Nilichofanya ni kuzimwagia krimu ya moto na kufanya ganashi ya kati ya keki. Humo maji yapo ya kutosha, sukari ikapotea. Wageni wa Machame walikula na wakaomba nyongeza. Lakini mimi nilinunua chokoleti ya majani, si ya kujaza tumboni mwa keki.

Ningeishia hapo ningewapa nyota tatu. Bidhaa haijaharibika, muuzaji hana adabu, friji halina maana, yaani duka la kawaida tu.

Tatizo nilichukua pia paketi ya chokoleti yenye korosho, ya mwanangu. Nayo imepauka, na hilo peke yake halikunishtua. Mafuta ya korosho huwa yanahamia taratibu kwenye chokoleti inayozizunguka na kusukuma mafuta ya kakao nje, kwa hiyo zenye karanga na korosho hupauka haraka hata pasipo joto kali. Nilishtuka nilipokata moja na kunusa. Korosho imechacha. Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa, na uchungu unaobaki nyuma ya koo. Tarehe ya mwisho bado ilikuwa mbele sana. Hiyo ndiyo chokoleti mbovu, na ubovu wake haukuwa kwenye weupe. Ungeweza kuisugua kwa kidole gumba hadi ing'ae na bado ingekuwa mbovu.

Nikairudisha na risiti. Safari hii nilimkuta mwenyewe, yule wa kanisani. Nikamweleza kwa heshima, Shikamoo mama kwanza. Akanisikiliza, akamwita kijana, kijana akasema: "Si wewe mwenyewe ulikubali kwamba weupe hauna madhara?" Nilikubali lini? Nilinyamaza nikiwa nimetahayari mbele ya foleni, sasa kunyamaza kumekuwa kukubali! Nikamwambia mama, achana na weupe, kata, nusa. Hakunusa. Alisema mzigo ni wa nje, umepita ukaguzi, na bidhaa za chakula hazirudishwi. Akanipa kifuko cha nyunyizo za rangi "kunituliza".

Nyunyizo zilikuwa nzuri, nakubali. Na nitasema jambo jingine ambalo mume wangu amenicheka kwa ajili yake: nitarudi kununua zile nyeusi za rafu ya juu, zilizopauka kwa mafuta, iwapo watanipunguzia bei, maana kwa mwenye kipimajoto zile ni mali safi na Moshi nzima hakuna kwingine zinapopatikana kwa uzito huo. Za chini ya friji, kwa ganashi tu, tena kwa nusu bei. Yoyote yenye karanga au korosho siigusi hadi nione imekatwa mbele yangu na mwenye duka ameinusa kwanza.

Nyota mbili. Nilikuwa nimeandika tatu, nikakumbuka yule mama wa foleni alivyocheka, nikafuta. Kama unakwenda, nenda asubuhi, fungua karatasi mwenyewe, na bapa usiliachie mkononi mwa yule kijana.