Raketi ya tenisi kwenye picha: tazama shingo kabla ya jina la chapa

Malalamiko ya raketi yamenijaa, na karibu yote yanafanana. La karibuni ni la dada mmoja wa Arusha aliyeona tangazo mtandaoni: "Raketi ya mapro, grafaiti, imetumika kidogo, 180,000, bei haipungui." Chini yake picha mbili, moja ya kichwa chenye nembo kubwa, nyingine muuzaji kaishika mkononi. Alituma hela, mzigo ukapanda basi, akaanza kucheza. Haikuchukua muda kitu kikaanza kulia ndani ya raketi kila akipiga mpira kwa nguvu. Alipoipeleka kubadilishiwa nyuzi, fundi akaigeuza mara moja akamrudishia: hii ni alumini, sifungi mkazo huo unaoutaka.

Alinitumia zile picha. Ile ya pili ndiyo iliyonichekesha na kuniudhi kwa pamoja, maana muuzaji alikuwa ameikamata raketi shingoni, vidole vyote vitano vimeziba mahali ambapo ukweli wote ungeonekana.

Kwa hiyo leo sitakueleza habari za rangi, wala mshiko unaoendana na kiganja chako, hayo utayakuta kila mahali. Nakuomba uitazame ile pembetatu iliyo wazi kati ya mpini na kichwa, hasa upinde mfupi unaoifunga kwa juu na ambao ndio sakafu ya kichwa. Tuuite daraja. Raketi ya alumini ni bomba moja lililokunjwa: linazunguka kichwa, halafu ncha zake mbili zinashuka kuingia kwenye mpini. Bomba likishakunjwa hivyo, kichwa kinabaki wazi kwa chini, ndipo kiwanda kinapachika kipande cha pembeni, mara nyingi cha plastiki, kukifunga. Raketi ya grafaiti, yaani kaboni, haitengenezwi hivyo. Karatasi za kaboni zenye gundi huviringishwa, zikalazwa kwenye kalibu pamoja na daraja lake, zikapikwa kwa joto na kutoka zikiwa mwili mmoja.

Kwenye picha tofauti hiyo inaonekana waziwazi ukishajua pa kutazama. Kuza picha mpaka daraja lijae kioo. Kwenye alumini utaona mstari wa kiungo kulia na kushoto, pale upinde unapokutana na bomba. Mara nyingi upinde wenyewe ni mweusi wakati fremu ni nyekundu au bluu, au unene wake haulingani na wa bomba. Kwenye grafaiti rangi inateleza kutoka shingoni hadi kwenye daraja bila kukatika, na kona za pembetatu zimeviringwa kama zimemiminwa. Kile kilichokuwa kinalia kwa dada wa Arusha ni kile kipande, kimeanza kuachia. Nyuzi zinavuta daraja kila mpira unapopigwa, na kitu kilichopachikwa hakistahimili kama kitu kilichozaliwa humo.

Watu wengine watakuambia utazame unene wa fremu kwa ubavu, kwamba alumini ni nene sawasawa kutoka juu hadi chini na grafaiti hunenepa na kukonda. Inasaidia, lakini usihukumu kwa hilo peke yake. Kuna raketi za wachezaji wakubwa, kama Head Prestige, ambazo ni nyembamba mfululizo na ni grafaiti tupu. Daraja ndilo shahidi wa kuaminika.

Na jina la nyota lisikutie kiwewe. Wilson wametengeneza raketi za alumini zenye jina la Federer, na hakuna udanganyifu hapo, ni bidhaa ya watu wa kucheza wikendi na haijifichi. Kwenye fremu au karatasi yake utakuta maneno "AirLite Alloy". Raketi aliyoitumia Federer kwenye mashindano miaka ya mwisho, Pro Staff RF97, ni kitu kingine kabisa: gramu 340 kabla ya kufungwa nyuzi, kichwa cha inchi za mraba 97. Jina moja, na kati ya raketi hizo mbili kuna bahari. Anayekudanganya ni muuzaji anayeikata picha ibaki saini ya nyota peke yake.

Ukisharidhika kwamba ni grafaiti, swali linalofuata ni inamfaa nani. Hapo namba tatu zinatosha: ukubwa wa kichwa, uzito, na idadi ya nyuzi. Raketi nzuri huziandika upande wa ndani wa shingo, kwa hiyo picha ya shingo inakulipa mara mbili. Maandishi yakiwa yamefutika, pima mwenyewe kwenye simu. Raketi ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa inchi 27, sentimita 68.5. Chukua picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, ikuze mpaka urefu wote uwe milimita 137 kwa rula juu ya kioo. Sasa kila milimita ni nusu sentimita. Tuseme kichwa kwa ndani kimesoma milimita 66 kwa 50, hiyo ni sentimita 33 kwa 25. Zidisha 33 kwa 25, kisha zidisha kwa 0.785 kwa sababu ni duara refu, unapata kama 648 za mraba. Kichwa cha inchi za mraba 100 ni sentimita za mraba 645, basi umekipata. Picha iliyopigwa kwa mshazari itakudanganya, ikatae.

Hesabu hiyo inaanguka kama raketi ni ya mtoto, maana ya inchi 25 au 26 ikipigwa picha peke yake hufanana na ya mtu mzima. Dawa ni kuomba mpira wa tenisi ulazwe kando yake. Mpira una kipenyo cha karibu sentimita 6.7, hivyo raketi ya mtu mzima ni mipira kumi na kidogo. Ikiishia tisa na nusu, hiyo ni ya inchi 25, mpelekee mtoto wa shule.

Kuhusu uzito, muuzaji akikutumia picha ya raketi juu ya mizani ya jikoni usishtuke. Namba ya kiwandani ni kabla ya nyuzi, na nyuzi huongeza kama gramu 16. Raketi ya gramu 300 itasoma 316 au zaidi, na ikiwa imezungushiwa utepe wa pili kwenye mpini ongeza tano.

Haya, sasa ninavyozipanga, na sifichi kwamba naipenda Yonex.

Ya kwanza ni Yonex EZONE 100 iliyotumika. Hata nembo ikifichwa utaitambua, kwani kichwa cha Yonex hakijakaa duara, kwa juu kimebapa na mabega yake ni mapana karibu na mraba. Umbo hilo wamelishikilia tangu 1980. Faida yake unaisikia mkononi, mpira ukigonga mbali kidogo na katikati bado unaondoka vizuri. Kampuni yenyewe ilianza Niigata, Japani, mwaka 1946, ikitengeneza maboya ya mbao ya nyavu za wavuvi, na hadi leo raketi zake za kiwango cha juu zina maandishi "MADE IN JAPAN" kwenye shingo. Gramu 300, inchi 100, nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Inamfaa anayeweza kurudishiana mpira kutoka mstari wa nyuma na kusevu kwa mkono wa juu bila kuomba msaada. Kama ndiyo unaanza lakini umeamua kweli, tafuta EZONE 100L, mwili uleule kwa gramu 285. Hiyo ndiyo ningempa binti wa miaka 15.

Ya pili ni Babolat Pure Drive, ambayo namba zake ni zilezile na mitumba yake hupatikana kwa urahisi zaidi. Ina nguvu nyingi bila jasho, lakini ni ngumu, na wenye viwiko vinavyouma hawaipendi. Ukiiona imefungwa nyuzi ngumu za poliesta, zikate uweke laini.

Ya tatu, Head Ti.S6, huwashangaza watu, ila naiweka kwa ajili ya wazee wa kucheza wawili-wawili. Gramu 225 tu, kichwa cha inchi 115, na ni ndefu kidogo kuliko kawaida. Kwenye picha kichwa chake ni kama kimezidi mwili. Anayezungusha mkono kidogo na kusimama karibu na wavu ataifurahia. Kijana anayepiga kwa nguvu zote atapoteza mipira nje ya uzio.

RF97 na ndugu zake wazito, au yoyote yenye nyuzi 18 kwa 20, naiweka mwisho kwa wasomaji wangu wengi. Si kwamba ni mbaya, ila bila mbinu na bega la mazoezi utachelewa kila mpira. Nyuzi unaweza kuzihesabu pichani: za wima zikiwa 18, jua imeundwa kwa mtu mwenye nguvu zake mwenyewe, anayetafuta kuelekeza mpira. Alumini mpya ya dukani, kama ni ya kuchezea ufukweni na wageni, nunua, ila usiilipie bei ya grafaiti.

Uchungu wangu ni hapo hapo kwenye bei. Tangu Mkenya Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana wawili-wawili Wimbledon mwaka 2022, naona kila mwenye raketi stoo anadhani ana dhahabu. Bei haiandikwi, "njoo inboksi". Ukienda inboksi, bei inategemea picha yako ya wasifu. Ukiuliza raketi ina gramu ngapi unajibiwa "ni nyepesi dada", kana kwamba umeuliza kanga. Na picha ni zilezile, kichwa na nembo, wakati mwingine picha ya kiwandani ya raketi ambayo haijawahi kufika Kariakoo wala Gikomba.

Mimi huomba picha nne kabla ya kutaja hela: daraja kwa karibu pande zote mbili, ndani ya shingo penye maandishi, kitako cha mpini, na kichwa kwa juu pale penye bampa, ile plastiki inayokinga fremu, kwa sababu raketi nyingi hupigwa chini kwa hasira na ufa huanzia hapo. Mchubuko wa rangi haunisumbui. Mstari mwembamba unaotoka tundu moja la uzi hadi jingine unamaanisha fremu imekufa, hata kama bado inang'aa. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nanunua raketi au naposa. Nikamwambia apige picha ya daraja, akanibloku.